Tamko la awali bidhaa inaporejeshwa: litoke fupi papo hapo, au kamili baada ya saa chache?

Kampuni inapoamua kurejesha bidhaa ambayo tayari iko majumbani mwa wateja, watu wa mawasiliano hujikuta na rasimu mbili mezani. Moja ni fupi, aya moja tu, na inaweza kutoka ndani ya saa moja. Nyingine ina namba za bechi, picha ya bidhaa na utaratibu wa kurudishiwa fedha, ila inahitaji nusu siku kukamilika. Mara nyingi huwepo na ya tatu, iliyopita kwenye mikono mingi na kurudi ikiwa na maneno ya kujikinga. Hapa tunaziweka zote tatu kando kwa kando, kwa kutumia tukio moja la mfano, ili anayepaswa kuchagua ajue anachagua nini.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuondoa bidhaa sokoni ni kuitoa kwenye rafu na maghala, na kazi hiyo hufanywa na wauzaji. Kuirejesha ni kuifuata kwa mteja aliyekwisha kuinunua, na hapo mteja mwenyewe ndiye anayetakiwa kuchukua hatua. Tamko tunalozungumzia ni la jambo la pili. Msomaji wake mkuu ni mtu ambaye bidhaa hiyo iko nyumbani kwake wakati anasoma, na wanahabari wanakuja baada yake.

Tukio la mfano

Birika la umeme la lita 1.7, modeli BU-17. Saa 3 asubuhi idara ya ubora inathibitisha kwamba mpini wa birika hilo unaweza kuachia wakati mtu ameliinua likiwa na maji ya moto. Malalamiko sita yamefika, na wateja wawili kati ya hao wanasema wameungua. Mhandisi mmoja anashuku skrubu zilizoletwa na msambazaji mpya wa vipuri. Mwingine anadhani ni plastiki ya mpini inayolegea kwa mvuke. Maabara haijapima chochote. Namba za bechi zipo kwenye mfumo wa kiwanda, lakini mipini ya akiba iliuzwa pia kwa mafundi, na hakuna anayejua kwa haraka iliishia kwenye mabirika ya bechi zipi.

Rasimu ya kwanza: fupi

> Taarifa namba 1, saa 4:00 asubuhi. Mpini wa birika la umeme modeli BU-17 unaweza kuachia wakati birika lina maji ya moto, na maji hayo yanaweza kumuunguza anayelishika au aliye karibu. Hadi muda huu tumepokea taarifa sita, mbili kati yake zikieleza kuwa mtu ameungua. Tunawapa pole walioumia. Acha kutumia birika lolote la BU-17 sasa hivi, hata kama mpini wake unaonekana mzima. Kama lina maji ya moto, lichomoe kwenye umeme na uyaache yapoe kabla ya kulisogeza. Jina la modeli limeandikwa chini ya birika. Tumesimamisha uuzaji na kuijulisha mamlaka ya usalama wa bidhaa. Chanzo kinachunguzwa. Taarifa namba 2 itatolewa leo saa 9:00 alasiri kwenye ukurasa huu. Simu ya bure: [namba].

Haina idadi ya mabirika, haina bechi, haisemi lolote kuhusu fedha. Lakini mtu akishaisoma anajua kama birika lake limo, linaweza kumfanya nini, na afanye nini sasa. Hayo matatu yanamtosha kutoungua leo.

Rasimu ya pili: kamili

> Taarifa ya kurejesha bidhaa kwa sababu za usalama. Tunarejesha mabirika ya umeme modeli BU-17 yenye namba ya bechi kuanzia 2403 hadi 2411. Yaliuzwa madukani na mtandaoni kati ya Machi na Agosti. Namba ya bechi ina tarakimu nne na imechapwa chini ya birika, pembeni ya jina la modeli, tazama picha. Mpini unaweza kuachia wakati birika lina maji ya moto na kusababisha kuungua. Acha kulitumia mara moja. Unaweza kuchagua kurudishiwa fedha zote au kupewa birika la modeli nyingine. Risiti haihitajiki. Usilirudishe kwa posta. Piga picha ya namba ya bechi, ukate waya wa birika likiwa limechomolewa, kisha ujaze fomu kwenye ukurasa huu au upige simu ya bure: [namba].

Hii ndiyo taarifa ambayo mteja ataihitaji mwishowe. Tatizo ni kwamba kila sentensi yake inategemea mtu mwingine amalize kazi yake. Bechi zinategemea kiwanda, tarehe za mauzo zinategemea wauzaji, fedha zinategemea mkurugenzi wa fedha, na fomu inategemea fundi wa tovuti. Mmoja akichelewa, taarifa nzima inakaa, huku maji yakiendelea kuchemshwa.

Rasimu ya tatu: ya kujikinga

> Kwa hiari yetu na kwa tahadhari tu, tumeamua kurejesha idadi ndogo ya mabirika ya BU-17. Katika hali nadra sana, na hasa birika lisipotumiwa ipasavyo, mpini unaweza kuonyesha dalili za kulegea. Tatizo linaonekana kutokana na kipuri kutoka kwa msambazaji. Usalama wa wateja wetu umekuwa daima kipaumbele chetu.

Tuimalize hii mapema, kwa kuwa haifai kuchaguliwa, ila vipande vyake hupenda kujipenyeza kwenye zile nyingine mbili. “Kwa hiari yetu”, “kwa tahadhari tu” na “hali nadra” zote zinamwambia mteja kwamba anaweza kuendelea kunywa chai. Umoja wa Ulaya umelifikisha jambo hili kwenye sheria: Kanuni ya Usalama wa Jumla wa Bidhaa, namba 2023/988, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024, inataka taarifa ya kurejesha bidhaa isiwe na maneno yanayopunguza uzito wa hatari machoni pa mteja. Inataja kwa mifano maneno ya aina hiyo hiyo, na hata kauli kwamba hakuna ajali iliyoripotiwa. Hata kama huuzi Ulaya, orodha hiyo ni kipimo kizuri cha kupitishia rasimu yoyote kabla haijatoka.

“Idadi ndogo” nayo ina kasoro yake. Aliyeandika anafikiria asilimia ya mauzo yote. Anayesoma ana birika moja, na kwake yeye swali ni kama lake limo au halimo. Kama idadi kamili haijajulikana, acha idadi. Kuhusu “lisipotumiwa ipasavyo”, hiyo ni lawama kwa mteja aliyeungua, na imetolewa kabla maabara haijafungua hata birika moja.

Kampuni ya Peloton ilipitia njia hii mwaka 2021. Tarehe 17 Aprili, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliwaonya watu wenye watoto wadogo au wanyama wa kufugwa waache kutumia mashine ya kukimbilia ya Tread+. Kampuni ikajibu kwamba onyo hilo halikuwa sahihi na linapotosha. Tarehe 5 Mei, wiki zisizozidi tatu baadaye, mashine hizo zilirejeshwa, na mkurugenzi mkuu akakiri kwamba jibu la kwanza lilikuwa kosa. Tangu hapo habari ikawa na sehemu mbili, hatari ya mashine na lile jibu.

Zile mbili zinazobaki

| Kinachopimwa | Fupi | Kamili |
|---|---|---|
| Muda wa kuitoa | Dakika 30 hadi 60 | Saa 4 hadi siku nzima |
| Bidhaa inayotajwa | Modeli nzima | Bechi zilizothibitishwa |
| Agizo kwa mteja | Acha kutumia | Acha kutumia, na namna ya kulipwa |
| Inapokosewa | Wenye mabirika mazima wanasumbuka | Wenye mabirika mabovu wanadhani wako salama |

Mstari wa mwisho ndio unaoamua. Makosa ya rasimu hizi mbili hayana uzito sawa. Ukitaja modeli nzima halafu ikaonekana ni bechi tisa tu, utakuwa umewakosesha watu birika kwa siku moja au mbili, na kituo cha simu kitakuwa kimezidiwa. Ni gharama, na meneja wa mauzo atalalamika kwa haki. Ukitaja bechi tisa halafu zikawa kumi na moja, kuna watu waliogeuza birika, wakasoma namba, wakakuta haimo, wakawasha umeme. Umewahakikishia usalama ambao hukuwa nao. Taarifa ya pili ya kupanua orodha haitawafikia wote, maana mtu aliyekwisha kujibiwa hatafuti tena.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kuanza upana kisha kupunguza. Ni rahisi kumwambia mtu “lako halimo tena” kuliko “lako nalo limo”.

Kuna sharti moja linaloweza kukuruhusu kwenda moja kwa moja kwenye rasimu kamili: orodha ya bechi iwe imefungwa kweli kweli, na mteja aweze kuisoma bechi kwenye bidhaa yenyewe. Jaribu hivi. Mpe mtu wa idara nyingine birika moja kutoka ghalani, umwambie atafute namba ya bechi bila msaada. Kama anatumia zaidi ya dakika moja, au anaomba miwani, wateja wengi hawataiona. Kama namba imechapwa kwenye boksi tu, hesabu kwamba haipo, kwa sababu boksi lilitupwa siku birika liliponunuliwa. Katika mfano wetu namba iko chini ya birika, lakini ile mipini ya akiba iliyouzwa kwa mafundi inaharibu orodha: birika la bechi salama linaweza kuwa limefungwa mpini wenye kasoro. Mpaka mauzo ya mipini yafuatiliwe, bechi si jibu, na rasimu fupi ndiyo ya kutoka saa 4.

Hatari inasemwa, chanzo kinangoja

Watu huchanganya mambo haya, halafu kwa kuogopa kubahatisha wanaficha yote mawili. Hatari ni kinachotokea: mpini unaachia, maji ya moto yanamwagika, mtu anaungua. Hilo limethibitishwa na linaandikwa bila kuzungusha. Chanzo ni kwa nini unaachia, na hilo halijulikani mpaka maabara iseme. Sentensi ya “mpini unaweza kuonyesha dalili za kulegea” inaficha hatari. Sentensi ya “kipuri kutoka kwa msambazaji” inabahatisha chanzo. Rasimu ya tatu imefanikiwa kukosea pande zote mbili ndani ya mistari minne.

Gharama ya kutaja chanzo mapema ilionekana wazi kwa simu ya Samsung Galaxy Note 7. Tarehe 2 Septemba 2016 kampuni ilitangaza kwamba imepokea taarifa 35 duniani kote, ikataja tatizo la betri, ikaanza kubadilisha simu karibu milioni 2.5. Simu za kubadilishia zilikuwa na betri za mtengenezaji mwingine, na baadhi yake nazo zikawaka. Oktoba mwaka huo huo utengenezaji ulisimamishwa kabisa. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro mbili tofauti, moja kwenye kila aina ya betri. Katika siku za mwanzo jibu la “ni betri zile” lilionekana kuwa la kweli, na lilikuwa la kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa ndani ya simu zilizotolewa kama suluhisho.

Kwenye birika letu, mwandishi wa habari atauliza kama ni skrubu. Jibu ni lile lile lililo kwenye tamko: “Chanzo kinachunguzwa. Tunachokijua ni kwamba mpini unaweza kuachia, na ndiyo maana tunawaomba watu waache kulitumia.” Msemaji asikatae kwamba ni skrubu na asikubali. Akikataa leo na maabara ikakuta ni skrubu, atakuwa amedanganya bila kukusudia. Msambazaji naye asitajwe hata kwa kuzungukwa. Mteja hakununua kwake, amenunua birika lenye jina la kampuni.

Idadi na saa

Idadi ya taarifa na ya walioumia hubadilika ndani ya saa chache, kwa sababu tamko lenyewe huwafanya watu waliokaa kimya wapige simu. Ndiyo maana rasimu fupi inasema “hadi muda huu” na ina saa kichwani. Bila saa, tamko linalosema sita na jingine linalosema kumi na nne yataonekana kupingana. Yakiwa na saa, kila moja ni kweli kwa wakati wake. Kwa sababu hiyo hiyo taarifa namba 1 isifutwe wala kuhaririwa kimyakimya namba 2 ikitoka. Ibaki chini yake kwenye ukurasa ule ule. Zingatia pia kwamba “mbili zikieleza kuwa mtu ameungua” si sawa na “watu wawili wameungua kwa sababu ya birika letu”. Ya kwanza inasema ulichopokea. Ya pili ni hukumu, na uchunguzi haujakamilika.

Neno la pole huzua ubishi na wanasheria kila mara. Sentensi moja inatosha, bila “tunakubali” na bila “endapo”. “Tunawapa pole walioumia” haisemi nani alaumiwe. “Tunasikitika endapo kuna aliyeathirika” inamtilia shaka mtu ambaye mkono wake una malengelenge.

Ahadi ya taarifa inayofuata ndiyo inayofanya rasimu fupi ivumilike. Taja saa unayoweza kuitimiza, si unayoitamani. Ikifika saa 9 na bechi bado hazijathibitishwa, taarifa namba 2 inatoka hata hivyo: modeli nzima bado imo, idadi ya taarifa ni hii, inayofuata ni saa 12 jioni. Ukimya wa saa 9 hujazwa na uvumi, na kuuondoa kunachukua muda mrefu kuliko kuandika mistari mitatu.

Kabla ya kubonyeza

Utaratibu wa saa ile moja ni ule ule kwa rasimu zote mbili, ila kwa fupi ni rahisi kuuruka. Mamlaka inajulishwa kwanza, na sentensi ya “tumeijulisha” inabaki kwenye rasimu ikiwa tu simu au barua pepe imeshatoka. Marekani, kwa mfano, kampuni ina saa 24 za kuijulisha Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji tangu ipate habari inayostahili kuripotiwa. Baada ya mamlaka wanafuata wauzaji, ili wafunge bidhaa kwenye mashine za malipo. Tamko linalosema uuzaji umesimama wakati duka moja bado linauza litapigwa picha na kusambazwa kabla ya mchana. Kisha maandishi yale yale yapewe kituo cha simu, na mtu mmoja aipige ile namba ya bure kwa simu yake mwenyewe asikie kama inapokelewa. Mwisho ndipo umma.

Anayeidhinisha rasimu fupi wawe watu watatu: wa ubora anayejua hatari, wa sheria, na mwenye mamlaka ya kusimamisha uuzaji. Akiongezwa wa nne, muda unaongezeka na maneno ya rasimu ya tatu yanaanza kurudi. Idara ya masoko haimo kwenye orodha hii, ila ina kazi yake: kusimamisha matangazo yote ya BU-17 yaliyopangwa kutoka siku hiyo.

Pale ambapo rasimu fupi inaweza kudhuru

Kuna bidhaa ambazo “acha kutumia” kwa upana ni agizo la hatari. Dawa ya kila siku ni mfano mkubwa. Julai 2018, dawa kadhaa za shinikizo la damu zenye valsartan ziliporejeshwa kwa sababu ya uchafu wa kemikali, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaambia wagonjwa waendelee kumeza dawa waliyonayo mpaka mfamasia au daktari awape mbadala, kwa sababu kuacha ghafla kulikuwa na hatari yake. Kwenye bidhaa kama hiyo kanuni ya kuanza upana haifanyi kazi peke yake. Sentensi ya agizo iandikwe na daktari au mfamasia. Kama hajapatikana ndani ya saa ile, tamko fupi litaje bidhaa, hatari na namba ya simu, kisha limwambie mgonjwa aongee na mfamasia kabla ya kubadilisha chochote. Hali ni hiyo hiyo kwa kifaa cha kupumulia na maziwa maalumu ya mtoto asiyeweza kunywa mengine: agizo la kuacha lazima liende na jibu la atumie nini badala yake, na jibu hilo likikosekana ni heri kuchelewa dakika arobaini kulitafuta.